Asilimia Nne Ilikotoka

Barua yenyewe huwa ya ukurasa mmoja. Juu kuna jina na tarehe, chini yake "YAH: MAPITIO YA MSHAHARA", kisha shukrani kwa mchango wako wa mwaka mzima, na mahali fulani katika aya ya pili ndipo ilipo tarakimu ambayo jicho huikimbilia. Tuchukue barua ya mfano. Mhasibu wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam, mshahara wake shilingi 2,000,000 kwa mwezi, ameandikiwa hivi: "Kwa kuzingatia takwimu za soko la ajira na alama yako ya tathmini, ambayo ni 3 kati ya 5, mshahara wako utaongezeka kwa asilimia 4 kuanzia tarehe 1 Januari." Yaani shilingi 80,000.

Wengi huisoma sentensi hiyo kama maneno ya kufunika kombe. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini katika kampuni yenye utaratibu wa mishahara, kila kipande cha sentensi kina hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo ilikwisha kufanyika kabla jina la mhasibu wetu halijatajwa popote.

Tuanze na hilo "soko". Kuna kampuni za ushauri ambazo kazi yao ni kukusanya taarifa za mishahara kutoka kwa waajiri wengi. Kila mwajiri anayeshiriki hutoa orodha ya anavyolipa, bila majina ya wafanyakazi, naye hurudishiwa matokeo ya wote kwa ujumla. Ukiwapanga wahasibu wote wa ngazi hiyo kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, mshahara wa yule aliye katikati kabisa ndio ambao waajiri wengi huuchukua kuwa kipimo chao. Nusu ya wahasibu wako chini yake, nusu wako juu. Tuseme kwa mhasibu wetu umeangukia 1,900,000. Kampuni hujenga daraja la mshahara kuuzunguka: sakafu asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani 1,520,000, na dari asilimia 120, yaani 2,280,000.

Sasa gawanya mshahara wake kwa kiwango cha katikati. 2,000,000 kwa 1,900,000 ni kama asilimia 105. Maana yake, kwa macho ya mwajiri, mhasibu huyu tayari analipwa juu kidogo ya soko. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya jibu, na mara nyingi barua haiitaji.

Nusu ya pili ni alama. Tatu kati ya tano kwa kawaida husomeka "ametimiza matarajio", na mtu aliyefanya kazi mpaka saa mbili usiku kila mwisho wa mwezi ana haki ya kuguna. Ila alama hiyo haikutolewa na meneja wake peke yake. Baada ya mameneja kujaza fomu, hukaa kikao cha kusawazisha alama, ambapo kila mmoja hutetea watu wake mbele ya wenzake, maana yuko meneja mwenye mkono mkunjufu anayegawa nne kwa kila mtu na yuko mkavu asiyempa yeyote. Ndani ya kikao hicho, nne ya meneja asiye na mifano ya kuonyesha hushuka kuwa tatu kwa dakika chache tu. Kwa hiyo rekodi ya kazi uliyomkabidhi bosi wako mwezi wa kumi ina uzito kuliko malalamiko utakayopeleka mwezi wa kwanza.

Mambo haya mawili hukutana katika jedwali dogo. Kushuka chini kuna alama, kwenda pembeni kuna nafasi ya mtu ndani ya daraja, na katika kila chumba kuna asilimia. Katika jedwali la mfano wetu, mwenye alama 3 aliye chini ya asilimia 90 ya kiwango cha katikati anapata asilimia 7. Aliye kati ya 100 na 110 anapata 4. Aliyepita 110 anapata 2. Mwenye alama 4 katika chumba cha jirani na mhasibu wetu angepata 6.

Hapa ndipo ugomvi wa ofisini huzaliwa. Mwenzake wa meza ya pili, kazi ileile, alama ileile, analipwa 1,600,000, sawa na asilimia 84 ya kiwango cha katikati. Yeye anapata asilimia 7, yaani 112,000. Wakinong'onezana, wa kwanza ataona amedhulumiwa, ilhali bado anamzidi mwenzake kwa 368,000. Jedwali limekusudiwa hivyo: aliye chini avutwe haraka kuelekea katikati, aliye juu aende taratibu. Mimi naona ni haki, lakini ni haki isiyoeleweka mpaka mtu aelezwe, na barua nyingi hazielezi.

Kuna na jambo la tatu ambalo barua hulikwepa. Asilimia za jedwali hurekebishwa mpaka jumla yake itoshe bajeti iliyopitishwa na wakubwa. Bajeti ikipungua, vyumba vyote hushuka, hata kama soko na alama yako havijasogea. "Takwimu za soko" ni ukweli, ila si ukweli wote.

Na hizo 80,000 haziingii zote mkononi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 8,000. Zinabaki 72,000, na kwa kuwa mshahara wake unaotozwa kodi umepita milioni moja, kila shilingi ya ziada inakatwa asilimia 30: 21,600. Zinabaki 50,400. Kama bado anarejesha mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, toa 12,000 nyingine. Mfumuko wa bei nao, hata ukiwa wa asilimia 3, unakula sehemu kubwa ya asilimia 4 hizo kabla hajanunua chochote kipya.

Basi aulize nini? Swali lenye tija kuliko yote ni hili: "Naomba kujua, nafasi yangu ililinganishwa na kazi gani katika takwimu za soko?" Ulinganishaji unatakiwa kufuata majukumu, si cheo, na hapo ndipo makosa hujificha. Mtu anaitwa mhasibu, lakini anaandaa hesabu za mwaka, anakabiliana na wakaguzi na kusimamia vijana wawili. Huyo kisoko ni mhasibu mwandamizi. Makosa mengine ni ya tarehe: takwimu zilizokusanywa mwaka juzi, zikatumika bila kupandishwa.

Tuseme mhasibu wetu amekwenda na orodha ya majukumu yake, na ofisi ya utumishi imekubali kwamba alilinganishwa na kazi ndogo. Kiwango cha katikati cha kazi yake halisi kinakuwa, tuseme, 2,300,000. Mshahara uleule wa milioni mbili sasa ni asilimia 87. Kwa alama ileile ya 3 anahamia chumba cha asilimia 7, na nyongeza inakuwa 140,000. Kampuni nyingi hazitabadilisha barua iliyokwisha kusainiwa, kwani bajeti imegawanywa yote. Watamwambia asubiri mapitio yajayo. Hilo aliombe kwa maandishi, na daraja jipya litajwe humo.