Supu ya Mifupa Haifungi Kidonda

Ndugu wanaouguza mtu aliyelala kitandani muda mrefu huja wodini na chupa ya uji na hotipoti ya supu ya mifupa. Uji unamezeka, na supu inasemekana kurudisha nguvu. Lakini supu iliyochujwa ni maji, chumvi, mafuta na protini kidogo tu. Protini nyingi imebaki kwenye nyama, nayo imeliwa nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama mwenye uzito wa kilo 50 aliyepata kiharusi na kupooza upande mmoja. Ana kidonda cha mgandamizo juu kidogo ya makalio, mahali ambapo nyama imebanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu ikashindwa kupita. Kidonda hicho kinavuja majimaji mchana na usiku, na ndani ya majimaji hayo mna protini. Wakati huohuo mwili unahitaji protini ya kujenga nyama mpya na kupambana na vijidudu. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa vidonda hivi wa mwaka 2019 unashauri mgonjwa aliyedhoofika apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mama huyu ni gramu 60 hadi 75. Uji wa maji, kikombe cha supu na matonge machache ya ugali kwa mchicha havimfikishi hata kwenye theluthi ya kiasi hicho.

Kufikia kiwango hicho hakuhitaji chakula cha ajabu. Asubuhi, uji upikwe kwa kikombe cha maziwa, ukorogwe na vijiko viwili vikubwa vya siagi laini ya karanga: hapo kuna gramu kama 18. Saa nne apewe mayai mawili yaliyoiva vizuri, gramu 12. Mchana ale wali laini na kipande cha samaki asiye na miiba, gramu 25 hivi. Jioni apate maharage yaliyopondwa, ugali laini na kikombe cha mtindi, gramu nyingine 18. Jumla inapita 70.

Wali, ugali na mafuta visipunguzwe kwa kudhani kwamba protini pekee ndiyo dawa. Mwili ukikosa nishati huigeuza protini kuwa kuni, na kidonda hakipati kitu.

Kazi ya vitamini C ni kuimarisha kolajeni, nyuzi zinazoshikilia nyama mpya na kovu. Mwaka 1940 daktari mpasuaji wa Boston, John Crandon, alichapisha matokeo ya jaribio alilojifanyia mwenyewe. Alikula chakula kisicho na vitamini C kwa miezi sita. Jeraha alilochanjwa mgongoni baada ya miezi mitatu lilipona kawaida, lakini la baada ya miezi sita halikushikana ndani, mpaka alipopewa vitamini hiyo. Kwa hiyo aliyeikosa anasaidika sana, ila aliyetosheka hatapona haraka zaidi kwa kuongezewa vidonge. Pera moja la wastani linatosha mahitaji ya kawaida ya siku. Lipondwe na kuchujwa mbegu. Mchicha uliochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa umepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo.

Zinki husaidia chembe za mwili kugawanyika na kuziba pengo. Ipo kwenye nyama, maini, dagaa na maharage. Nafaka na kunde zina kitu kinachoizuia isifyonzwe, na kuloweka, kuotesha au kuchachusha hupunguza kizuizi hicho. Vidonge ni vya mtu mwenye dalili za upungufu, kwa muda aliopanga daktari. Kuzidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu huunyima mwili shaba na kunaweza kuleta upungufu wa damu.

Kanuni hizi zinamfaa pia mgonjwa aliyepasuliwa, kwa sababu mshono wa mtu aliyedhoofika uko katika hatari zaidi ya kuachia. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiasi chake cha protini na daktari. Mgonjwa wa kiharusi aketishwe wima anapolishwa. Akikohoa au sauti ikilowa baada ya kumeza, acha kumlisha na mwite muuguzi, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Tena chakula hakiondoi mgandamizo. Mgonjwa ageuzwe kwa ratiba aliyowekewa, mara nyingi kila baada ya saa mbili, na muuguzi apime urefu na upana wa kidonda kila wiki. Nyama nyekundu yenye unyevu na vipimo vinavyopungua ni dalili njema. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, daftari la vyakula alivyomeza kweli, si vilivyoletwa, lipelekwe kwa daktari pamoja na vipimo hivyo. Harufu mbaya, usaha au homa visisubiri wiki hizo.