Kichupa cha Dozi Kumi: Mkaguzi Anapoipima Chanjo ya Surua

Zahanati mbili za wilaya moja zinatoa chanjo ya surua na rubela. Ya kwanza, katika kila dozi 100 inazofungua, hutupa 60. Ya pili hutupa 5 tu. Ukiulizwa ni ipi inayotunza mali ya umma, bila shaka utaonyesha ya pili. Mkaguzi anayeijua kazi yake hatakimbilia jibu hilo, na huenda hata akaanza kuishuku hiyo hiyo ya pili.

Ukaguzi tuliozoea kuusikia, ule unaozua mijadala kila ripoti ya CAG inapofika bungeni, huchunguza vitabu vya fedha: malipo yasiyo na hati, zabuni zilizokiuka taratibu, mishahara hewa. Upo mwingine uitwao ukaguzi wa ufanisi, ambao kwa Tanzania umewekewa msingi na kifungu cha 28 cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Huu hauridhiki na stakabadhi. Huuliza maswali matatu. La kwanza ni la uwekevu: vilivyohitajika vilipatikana kwa gharama ndogo kadiri ilivyowezekana, bila kushusha ubora? La pili ni la tija: kwa kile kilichotumika, kimepatikana kiasi gani? La tatu ni la ufanisi wenyewe: lengo lililokusudiwa limefikiwa? Programu yaweza kufaulu swali moja na kuanguka mawili, huku risiti zake zote zikiwa safi.

Ili kuyajibu, mkaguzi anahitaji vigezo, yaani maelezo ya jinsi mambo yalivyopaswa kuwa, ambayo atayalinganisha na alichokikuta. Bila kigezo ana maoni tu, na maoni kila mtu anayo. Vigezo haviokotwi njiani. Huchukuliwa kwenye sheria, kwenye miongozo ya wizara, kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani, na kwenye malengo ambayo programu ilijiwekea yenyewe. Kisha hujadiliwa na wanaokaguliwa kabla timu haijaenda vijijini, ili baadaye mtu asije akasema amepimwa kwa rula asiyoijua. Kwa maoni yangu hapa ndipo ukaguzi mwingi unapoharibika: kigezo kikichaguliwa vibaya, ushahidi wote utakaokusanywa baadaye utamwonea mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi wa zahanati.

Chanjo ya surua inaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu ya umbo la kichupa chake. Ni unga mkavu, na kichupa kinachotumika sana kina dozi 10. Muuguzi huuchanganya na kiyeyusho chake, na tangu hapo saa inaanza kuhesabu. Dawa hiyo haina kihifadhi cha kuzuia vijidudu, kwa hiyo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na hutupwa baada ya saa 6, au kliniki ya siku hiyo inapofungwa, lolote litakalotangulia. Hakuna kubakiza hadi kesho. Mei 2017, katika eneo la Kapoeta huko Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ambayo dawa ilikaa siku 4 bila jokofu, bomba moja la kuchanganyia likitumika kwa vichupa vingi.

Basi wakija watoto 4 kliniki, muuguzi hufungua kichupa, huchanja 4, hutupa dozi 6. Upotevu ni asilimia 60, na hakuna kosa lolote lililotendeka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inahimiza kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Sasa tuanze kuweka vigezo. Kwa upande wa uwekevu, rahisi ni kuuliza bei ya dozi. Tuseme, kwa bei za mfano tu, kichupa cha dozi 10 ni shilingi 15,000, yaani 1,500 kwa dozi, na kile cha dozi 5 ni shilingi 10,000, yaani 2,000 kwa dozi. Afisa ununuzi aliyechagua cha dozi 10 ameshinda kwa kigezo hiki. Lakini mtoto hachanjwi ghalani. Katika zahanati ya mjini yenye watoto 9 kwa siku ya chanjo, kichupa kikubwa kinatosha, na kila mtoto anagharimu takribani shilingi 1,667. Vichupa vidogo vingehitajika viwili, na gharama ingepanda hadi 2,222. Hapo afisa ununuzi yuko sahihi. Nenda sasa kwenye zahanati ya kijijini wanakokuja watoto 3. Kichupa kikubwa kinafanya kila mtoto agharimu 5,000. Kidogo kingefanya 3,333. Chanjo ni ile ile na bei ni zile zile, ila jibu limegeuka.

Mkaguzi makini kwa hiyo hataishia kwenye bei ya manunuzi. Ataongeza kigezo cha tija, gharama kwa kila mtoto aliyechanjwa, na atakipima zahanati kwa zahanati badala ya kuchukua wastani wa wilaya nzima. Wastani huwaficha watoto 3 wa kijijini nyuma ya 9 wa mjini. Akifanya hivyo huenda ripoti yake isimlaumu mtu yeyote wa zahanati, bali ipendekeze kwa wizara kwamba vituo vidogo vipelekewe vichupa vidogo. Hilo ni pendekezo lenye manufaa kuliko karipio.

Kishawishi kikubwa kipo kwenye kiwango cha upotevu. Vitabu vya mipango hutumia asilimia 40 kwa chanjo kavu za dozi 10, na mkaguzi mwenye haraka huiandika hiyo kama kigezo: kituo kilichozidi 40 kimefuja. Ni kosa. Ile ni namba ya kukadiria mahitaji, ya kumsaidia mwenye bohari kujua aagize kiasi gani. Haikukusudiwa kuwa mpaka wa mwenendo mwema. Mpaka wa haki unatokana na idadi ya watoto wanaofika kila siku ya chanjo: wastani ukiwa watoto 4, upotevu wa asilimia 60 ndio unaotarajiwa, na kinachopaswa kumshtua mkaguzi ni kituo kilicho mbali na matarajio hayo, juu au chini.

Turudi kwenye zahanati ya pili. Leja yake ya mwezi inaonyesha vichupa 2 vilifunguliwa, watoto 19 walichanjwa, dozi 1 ilitupwa. Mkaguzi anachukua rejesta ya watoto na kutazama tarehe. Ikiwa hao 19 walichanjwa katika siku 8 tofauti, hesabu haikubali: vichupa 2 haviwezi kuhudumia siku 8 isipokuwa vililazwa baada ya kuchanganywa, au namba zimetungwa ili zipendeze. La kwanza ni hatari kwa maisha, na halingojei ripoti ya mwaka. Mganga mkuu wa wilaya huarifiwa siku hiyo hiyo.

Ikiwa walichanjwa katika siku 2 tu, yawezekana kijiji kilikubaliana siku maalumu, na wazazi wanazijua na wanakuja. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini yawezekana pia muuguzi, aliyekemewa mwaka jana kwa kutupa dawa, amejifunza kusubiri watimie: anayekuja na wenzake wawili huambiwa arudi wiki ijayo. Dalili yake iko kwenye rejesta ya uzani. Tafuta watoto wa miezi 9 na zaidi waliofika kupimwa siku ambayo chanjo ya surua haikutolewa kabisa. Kisha uwafuatilie: wangapi walirudi? Ambao hawakurudi ndio bei halisi ya ule upotevu mdogo, na haimo katika leja yoyote ya fedha.

Hapo tumeshaingia kwenye ufanisi. Surua huambukiza kwa kasi kubwa mno, ndiyo maana lengo linalokubalika ni kuwafikia angalau asilimia 95 ya watoto kwa dozi mbili, na kufikia hivyo katika kila wilaya. Nchini Tanzania dozi ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 9 na ya pili miezi 18. Kwa nini mbili? Dozi ya miezi 9 humkinga takribani mtoto 85 kati ya 100, kwa hiyo hata ukimchanja kila mtoto mara moja, 15 hubaki wazi. Programu inayotangaza kiwango cha dozi ya kwanza peke yake inatangaza nusu ya kazi. Mkaguzi huweka kigezo cha pili kando yake: wangapi waliopata ya kwanza hawakuipata ya pili? Tuseme wilaya ilichanja watoto 9,300 dozi ya kwanza na 7,400 dozi ya pili. Waliodondoka ni 1,900, zaidi kidogo ya asilimia 20. Kwa kawaida ikizidi 10 huhesabiwa kuwa kuna tatizo la huduma, na huko ndiko uchunguzi huelekezwa: dawa iliisha, siku za huduma ya mkoba ziliahirishwa kwa kukosa mafuta ya gari, au wazazi hawakuelezwa kwamba kuna dozi nyingine.

Kuna mtego mmoja zaidi. Wilaya nyingine huripoti kiwango cha asilimia 108, na wakubwa hupiga makofi. Huwezi kuchanja watoto 108 kati ya 100. Ama makadirio ya idadi ya watoto yamepitwa na wakati, ama watoto wa wilaya jirani wanahesabiwa humo, ama kuna aliyejaza karatasi mbele ya meza. Kinyume chake pia hutokea: makadirio yakiwa makubwa kupita kiasi, wilaya iliyofanya vizuri huonekana mbovu. Kwa hiyo mkaguzi hategemei ripoti ya kituo pekee. Hupita kwenye sampuli ya kaya, huomba kadi za kliniki za watoto waliokwisha kupita umri wa dozi ya pili, na hulinganisha kadi na rejesta. Kazi hiyo ni ya kuchosha na ina gharama, na sijui njia ya mkato inayoweza kuchukua nafasi yake.

Kikomo cha ukaguzi huu nacho kijulikane. Mlipuko wa surua ukitokea si lazima programu iwe imeshindwa mwaka huo. Huenda walioambukizwa ni watoto walioachwa miaka 6 iliyopita. Mlipuko usipotokea, huenda ni bahati tu. Ndiyo maana mkaguzi hupima zaidi yale ambayo programu ina mamlaka nayo: dozi zilizofika, siku za chanjo zilizofanyika kama zilivyopangwa, watoto waliofikiwa mara mbili. Na kwa desturi hahoji sera yenyewe, kwamba nchi ingechagua chanjo hii au ile. Anahoji utekelezaji wake.

Mzazi mwenye mtoto wa miezi 9 au 18, mpeleke kliniki na kadi yake. Ukiambiwa urudi wiki ijayo kwa kuwa watoto hawajatimia, usiondoke kwanza. Omba kuonana na mganga mfawidhi, umweleze kwamba kichupa kinaruhusiwa kufunguliwa hata kwa mtoto mmoja.