Je, Wajua? Kanga isiyosomeka na shati la mifuko mitatu

Je, wajua kwamba programu za akili mnemba zinazochora picha zinaweza kuandika jina la kanga bila kuzijua herufi zake? Ukiomba kanga yenye jina ASANTE MAMA, maneno yako hukatwa vipandevipande na kila kipande hugeuzwa namba. Programu haioni A, kisha S, kisha A. Inaona namba chache zinazoashiria maneno hayo, halafu inachora kitu chenye sura ya maandishi. Ndiyo maana unaweza kupata ASNATE MAMMA, au herufi ambazo hazimo katika alfabeti yoyote. Stable Diffusion ya mwaka 2022 ilifunzwa hasa kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili kiliumia zaidi.

Je, wajua kwa nini pindo na mji wa kanga hiyohiyo hupendeza? Ua likikosa petali moja, hakuna atakayegundua. Jina likikosa herufi moja, hata mtoto wa darasa la pili atacheka.

Je, wajua kwamba kifungo cha shati huweza kuwa kidogo kuliko kipande kidogo kabisa ambacho programu inakifanyia kazi? Tupige hesabu. Kifungo cha kawaida kina upana wa milimita 11 hivi. Mwanamume wa sentimita 175 akionyeshwa kuanzia kichwani hadi miguuni katika picha yenye kimo cha pikseli 512, kifungo chake kinabaki na pikseli 3 tu. Stable Diffusion nayo haichori pikseli mojamoja: huifinya picha kwanza, ikawa kila eneo la pikseli 8 kwa 8 linawakilishwa na kijisehemu kimoja. Kifungo hakifikii hata nusu ya upana wa kijisehemu hicho, kwa hiyo kinachotoka ni makisio. Hapo ndipo kimoja kinakuwa cheupe, cha pili cheusi, na cha tatu kinakaa pembeni pasipo na tundu.

Dawa yake ni kusogea karibu. Omba kifua peke yake, kuanzia kola hadi kiunoni, katika picha ya pikseli 1024. Hapo kifungo kilekile kinapata pikseli 18 au zaidi, nacho kinaanza kuwa duara la kweli.

Je, wajua kwamba kuandika "bila mifuko" kunaweza kukuletea mifuko? Programu nyingi, hasa za zamani, hulishika neno "mifuko" na kuliacha "bila". Zile zenye kisanduku tofauti cha vitu usivyovitaka, kwa kawaida kikiitwa `Negative prompt`, zinataka uviandike huko, tena bila neno la kukanusha. Kwa shati la mfuko mmoja, mimi ningeandika hivi, kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ambayo programu hizi zimefunzwa kwayo zaidi:

```
plain white cotton shirt, one chest pocket, front view, waist up
Negative prompt: text, logo, side pockets
```

Angalia kwamba idadi ya vifungo haimo. Programu hizi ni dhaifu katika kuhesabu, na ukiandika "vifungo saba" unaweza kupata vitano au tisa. Kadiri unavyorundika sifa (kola nyekundu, mfuko wa bluu, vifungo vya dhahabu) ndivyo rangi zinavyohama kutoka kitu kimoja hadi kingine.

Je, wajua mfuko wa tatu hutoka wapi? Fundi cherehani huanza na vipimo na vipande vya kitambaa. Programu ya kuchora picha haina paterni yoyote. Imejifunza tu kwamba karibu na kifua cha shati mara nyingi kuna mfuko. Ukiilazimisha modeli iliyofunzwa kwa picha za 512 kwa 512 ichore 512 kwa 1024, mara nyingi hurudia kiwiliwili, na mifuko nayo inajirudia. Chora kwa kipimo ilichofunzwa, kisha ikuze picha baadaye.

Je, wajua pa kutazama kwanza ukishuku kwamba picha ya shati dukani imechorwa na programu? Fuata mstari wa vifungo. Shati la kiume kwa desturi lina vifungo upande wa kulia wa mvaaji na matundu upande wa kushoto. La kike ni kinyume. Upande pekee si ushahidi, maana picha halisi pia hupinduliwa. Lakini ukiona upande wa juu unabadilika katikati ya kifua, hakuna fundi aliyeshona hilo.

Na jina la kanga? Modeli mpya zinaandika vizuri zaidi, ila kwa kazi ya kuuza sibahatishi: omba kanga yenye nafasi tupu juu ya pindo la chini, halafu andika jina mwenyewe kwa programu ya kuhariri kama GIMP.