Barua ya kuuliza shule kuhusu sare na ada: Soma waraka kwanza, kisha andika

MZAZI wa Sabaki, ng'ambo ya mto kutoka mjini Malindi, hupokea waraka wa shule kwa simu ukiwa picha iliyopigwa kwa haraka. Waraka wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, naye hulazimika kumtafuta jirani au mwanafunzi wa sekondari amtafsirie. Mara nyingi wasiwasi wa kifedha huanzia hapo, kwa kuwa picha huficha jambo na tafsiri nayo huongeza jingine.

Tuchukue mfano wa waraka wenye mistari mitatu: chakula cha mchana Sh1,500, mitihani Sh400 na fulana ya michezo, ambayo tarakimu yake ya kwanza imefifia, hivi kwamba haijulikani iwapo ni Sh350 au Sh850. Chini kabisa jumla imeandikwa Sh2,750. Kabla ya kumwuliza yeyote, jumlisha. Chakula na mitihani ni Sh1,900. Zikiondolewa katika jumla, zinasalia Sh850. Hiyo ndiyo bei ya fulana. Iwapo hesabu haikubaliani na tarakimu yoyote kati ya hizo mbili, basi huenda kuna mstari uliokatwa pembeni mwa picha, au ukurasa wa pili ambao haukutumwa.

Hatua ya pili ni kutazama vifupisho. Herufi p.a. maana yake ni 'kwa mwaka', nazo b/f huonyesha salio lililoletwa kutoka muhula uliopita. Katika mfano wetu, p.a. imeandikwa kando ya mitihani pekee. Je, chakula hulipwa kila muhula? Kwa mihula mitatu, tofauti ni Sh1,500 au Sh4,500. Mtafsiri asikisie, aache pengo na kuandika 'haijasemwa'.

Hali kadhalika, kuna maneno ya Kiingereza ambayo kwa muktadha mmoja humaanisha 'lazima' na kwa mwingine 'inatazamiwa'. Waraka ukitaja duka la kununulia fulana, haimaanishi moja kwa moja kwamba fundi wa mtaani haruhusiwi kuishona. Hilo nalo ni swali la kuulizwa.

Barua yenyewe iwe fupi, yenye maswali yaliyopewa nambari, ili Mwalimu Mkuu aweze kujibu mstari kwa mstari. Kwa mfano:

Kwa Mwalimu Mkuu,
MINT: MAELEZO KUHUSU WARAKA WA SARE NA ADA
Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 5. Nimepokea picha ya waraka wako na kutafsiriwa yaliyomo. Ili nijitayarishe ipasavyo, naomba unifafanulie haya:
1. Je, Sh1,500 za chakula ni za muhula mmoja au za mwaka mzima?
2. Je, naweza kushonesha fulana kwa fundi, mradi rangi na nembo zifanane?
3. Je, naweza kulipa kwa awamu, na risiti hutolewa wapi?
Aidha, naomba nakala kamili ya waraka. Natanguliza shukrani.
Wako mwaminifu.

Hakuna haja ya kuiandika kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, nayo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu maombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria hiyo huipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu. Kwa sababu hiyo, peleka nakala mbili na uombe moja itiwe muhuri na tarehe, kwani bila tarehe hakuna pa kuanzia kuhesabu siku hizo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku ada ya masomo katika shule za umma. Malipo mengine huhitaji idhini ya Waziri, akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na ni sharti risiti rasmi itolewe. Tena mtoto hapaswi kuzuiwa kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Masharti haya hayazihusu shule za kibinafsi, ambako mzazi hufungwa na makubaliano yake na shule.

Hata hivyo, si lazima barua ya kwanza itaje sheria. Mwalimu Mkuu aliyeulizwa kwa upole hujibu kwa wepesi kuliko aliyetishwa. Iwapo muda utapita bila jibu, au mtoto arudishwe nyumbani, ndipo nakala yenye muhuri ipelekwe katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo, ikiambatanishwa na picha ya waraka jinsi ilivyopokewa, bila kuandikwa chochote juu yake.