Mota Inapoinua Mzigo kwa Kasi Isiyobadilika

Katika mazungumzo ya kila siku, neno nguvu hubeba maana mbili. Husemwa kwamba mtu ana nguvu kwa kuwa aweza kuinua gunia zito, na husemwa pia kwamba lori lina nguvu kwa kuwa hupanda mlima upesi. Fizikia huzitenganisha maana hizi. Mvuto au msukumo huitwa kani, ilhali nguvu ni kiasi cha kazi inayofanywa katika kila sekunde. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mwanafunzi asiyezitenganisha huweza kuikosea hesabu ya winchi tangu mstari wa kwanza.

Na tuchukue winchi ya umeme inayopandisha saruji katika jengo linalojengwa. Jukwaa lake ni la kilo 50, nalo limebeba mifuko mitatu ya saruji, kila mmoja kilo 50. Jumla ni kilo 200. Waya wa chuma hulipandisha jukwaa hilo mita 15 kwa sekunde 30, yaani nusu mita kila sekunde. Mita ya wati iliyounganishwa na mota yaonyesha wati 1,600 muda wote wa kupanda.

Je, waya unavuta kwa kani gani? Wengi hujibu kwamba ni lazima kani hiyo izidi uzito, la sivyo mzigo haungepanda. Jibu hilo lashawishi, lakini si sahihi. Kani ya ziada huhitajika pale tu mzigo unapoongezewa kasi. Kasi ikishatulia, kani ya waya hulingana na uzito: kilo 200 mara 10, yaani nyutoni 2,000. Msomaji atauliza, na haki anayo, kuhusu ule mwanzo wa safari. Kuutoa mzigo huu katika utulivu hadi kasi ya nusu mita kwa sekunde huhitaji jouli 25 tu, ilhali kuupandisha mita 15 ni nyutoni 2,000 mara 15, sawa na jouli 30,000. Ndiyo maana twaweza kuupuuza mwanzo huo bila kuiharibu hesabu.

Nguvu inayoufikia mzigo sasa ni rahisi kuipata: jouli 30,000 zigawanywe kwa sekunde 30, tupate wati 1,000. Njia ya mkato ni kuzidisha kani kwa kasi, nyutoni 2,000 mara 0.5, na jibu ni lile lile. Njia hii ya mkato hufaa hasa mtahini anapoificha mita 15 na kuacha kasi pekee.

Mota inapokea wati 1,600 na mzigo unapata 1,000. Ufanisi ni 1,000 kwa 1,600, yaani asilimia 62.5. Wati 600 zilizosalia hazikupotea ulimwenguni. Zimegeuka joto katika koili za mota, katika giaboksi na katika ekseli ya roda, na sehemu ndogo imekuwa mlio. Anayepata asilimia 160 amegeuza mgawanyo juu chini. Anayepata 6.25 amesahau kuzidisha kilo kwa 10.

Kosa jingine hutokea penye vipimo vya kweli. Tuseme hakuna mita ya wati, bali volti 240 na ampea 9. Zao lake ni 2,160, si 1,600. Katika mota ya umeme geu, mkondo huchelewa nyuma ya volti, hivyo zao hilo huzidi nguvu halisi. Anayelitumia ataisingizia mota ufanisi wa asilimia 46. Aidha, wati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota kwa kawaida ni zile inazoweza kuzitoa kwenye ekseli yake, si zile inazovuta kutoka kwenye nyaya.

Nishati iliyotumika ni wati 1,600 mara sekunde 30, jouli 48,000. Uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa, ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo safari 75 za kupanda humaliza uniti moja. Fundi akidhani ataokoa umeme kwa kupunguza kasi nusu, kazi ya kuinua itabaki jouli 30,000 zile zile, huku sehemu ya upotevu ambayo haitegemei kasi ikiendelea kwa sekunde 60 badala ya 30. Aghalabu atatumia umeme mwingi zaidi.

Hata hivyo, mwenye jengo hakununua umeme ili kupandisha jukwaa. Saruji pekee, kilo 150, imepata jouli 22,500 kati ya 48,000, ambazo ni karibu asilimia 47. Mota ni ile ile. Kilichobadilika ni kile tulichokihesabu kuwa mzigo.