Maji Yakitoka Yamechoka, Gurudumu Limekula Nguvu

Mwaka 1883, kwenye mgodi wa dhahabu wa Idaho huko Grass Valley, California, magurudumu ya maji yalishindanishwa. Gurudumu la fundi seremala Lester Pelton liligeuza zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya maji kuwa kazi. Lililoshika nafasi ya pili halikufika hata asilimia 77.

Tofauti ilikuwa kwenye kikombe. Katika magurudumu mengine ya aina hiyo, maji yaligonga katikati ya kikombe na kutawanyika ovyo. Pelton aliunganisha vikombe viwili ubavu kwa ubavu, akaacha ukingo mkali katikati. Maji yanayofyatuka kutoka kwenye nozeli hupasuliwa na ukingo huo, kila nusu ikateleza kwenye mviringo wa kikombe chake na kurudishwa karibu kule kule ilikotoka. Kurudishwa huko ndiko kunakosukuma gurudumu.

Lakini hata kikombe kizuri hupoteza nguvu gurudumu likienda kwa mwendo usiofaa. Tuchukue mtambo mdogo wa mlimani: maji yanatoka kwenye nozeli kwa mita 30 kwa sekunde, mwendo unaohitaji maporomoko ya karibu mita 48, na unene wa mkondo ni milimita 50. Hizo ni lita 59 kila sekunde, zenye nguvu ya kilowati 26.5. Gurudumu litachukua kiasi gani?

Tuanze na gurudumu lililofungwa breki. Maji yanalisukuma kwa nguvu kubwa kupita zote, lakini halisogei, kwa hiyo kazi ni sifuri. Sasa tulifikirie likikimbia mita 30 kwa sekunde, sawa na maji yenyewe. Maji hayawezi kukifikia kikombe kinachokimbia mbele yake kwa mwendo ule ule. Hapo msukumo ndio sifuri, na kazi pia. Jibu liko katikati ya hayo mawili.

Vikombe vikienda mita 7.5 kwa sekunde, tunapata takribani kilowati 18.6. Vikienda 15, nguvu inapanda hadi 24.8, yaani ufanisi wa karibu asilimia 93. Vikiongezwa hadi 22.5, inarudi 18.6 ile ile. Kilele kipo pale kikombe kinapokwenda nusu ya mwendo wa maji.

Kwa nini nusu? Kikombe kikienda 15, maji ya 30 yanakifikia kwa tofauti ya 15. Yakigeuzwa, yanarudi nyuma kwa karibu 15 kikombe chenyewe kikiyapeleka mbele kwa 15. Kwa mtazamaji aliyesimama kando, yanabaki karibu hayana mwendo. Yanadondoka tu chini. Gurudumu likienda polepole mno, maji yanatupwa nyuma kuelekea nozeli. Likikimbia mno, yanaburutwa mbele. Kwa namna zote mbili, yanaondoka na nguvu ambayo ingefanya kazi.

Asilimia 100 haipatikani. Msuguano ndani ya kikombe hupunguza mwendo wa maji, na hayawezi kugeuzwa nyuzi 180 kamili, kwani yangegonga mgongo wa kikombe kinachofuata. Hesabu yetu imechukua nyuzi 165, na maji yakibaki na asilimia 90 ya mwendo wake ndani ya kikombe. Tena hewa na beringi nazo hula sehemu yake, na hasara hizo huongezeka gurudumu likienda kasi. Ndiyo sababu mafundi hulenga asilimia 46 hivi badala ya 50.

Kwa mtambo wetu hiyo ni mita 13.8 kwa sekunde. Gurudumu la sentimita 50, mara kumi ya unene wa mkondo, litazunguka mara 527 kwa dakika. Jenereta ya kawaida ya mizunguko 1,500 itahitaji mkanda na puli za kuzidisha mwendo karibu mara tatu. Anayeunganisha jenereta moja kwa moja na gurudumu hilo hukosa mwendo unaofaa pande zote mbili.

Sheria hiyo hiyo inatawala Kihansi, Tanzania, ambako maji hushuka takribani mita 850 hadi kwenye mitambo mitatu ya Pelton yenye jumla ya megawati 180. Maporomoko ya namna hiyo hufyatua maji kwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa.

Hatari huja umeme unapokatika ghafla upande wa watumiaji. Jenereta inaacha kuzuia, na gurudumu linakimbilia mwendo wa maji, karibu maradufu ya ule wa kawaida. Kufunga vali kwa pupa si dawa: maji yaliyojaa bomba refu yakisimamishwa ghafla yanaweza kulipasua. Kwa hiyo bamba la chuma hushuka mbele ya nozeli na kuyakengeusha maji pembeni, huku sindano iliyo ndani ya nozeli ikiufunga mdomo taratibu.