Mtego wa “put off”

Mwanafunzi anapewa “They postponed the meeting” aiandike upya kwa “put off”. Wakati hubebwa na neno la kwanza tu, na “put” haibadiliki katika wakati uliopita. “Putted” ni kosa. “They put off the meeting” na “They put the meeting off” zote ni sahihi.

Alama hupotea kwenye kiwakilishi. “Meeting” ikigeuka “it”, lazima ikae katikati: “They put it off.” Hakuna “put off it”.

“Look after”, kwa upande wake, haikubali kupasuliwa: “She looked after him”, “She has looked after him”.

Kamusi za wanafunzi hudokeza jibu: “put something off” hutenganishwa, “look after somebody” haitenganishwi.